Siku saba Tanga, kumwamkia mama aliyezaliwa juzi

Picha niliyoweka Jumatano ile ya unyayo mdogo juu ya kanga imeniletea maswali mengi. Mbona uso haupo? Mbona chini yake nimeandika "Shikamoo mama" wakati mtoto ana wiki tatu? Nimesharudi Morogoro, cherehani inanisubiri na wateja wananuna, lakini kabla sijaanza kukata kitambaa cha mtu nimefungua daftari la vipimo. Kurasa za nyuma ndiko nilikokuwa naandika nauli, nikapanga na picha za simu, nikapata safari nzima. Hii hapa.

Ijumaa: Morogoro, Chalinze, Tanga

Mdogo wangu wa kiume anaishi Tanga, na mkewe, wifi yangu, alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Mtoto njiti, gramu 1,900. Wiki mbili za kwanza walikuwa wodini, na mdogo wangu aliniambia nisije kwanza kwa sababu hata yeye alikuwa akiingia kwa zamu. Jumatano wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Ijumaa alfajiri nilikuwa stendi ya Msamvu na begi moja, doti mbili za kanga na kofia tano za kitoto nilizoshona mwenyewe.

Kosa langu la kwanza: sikukata tiketi ya basi la moja kwa moja. Nilijiambia nitapanda la Dar, nishuke Chalinze, nidake la Tanga. Hadi Chalinze nililipa 6,000, na saa nne kasoro nilikuwa nimesimama pale njia panda, natafuna korosho. Mabasi ya Tanga yakawa yanapita yamejaa hadi mlangoni. Ijumaa, tena mwisho wa mwezi. Nilitakiwa kulijua hilo. La nne ndilo lililosimama, saa saba kamili, konda akaniweka juu ya ndoo iliyogeuzwa na kunitoza 15,000 kama mwenye kiti. Nikakubali, maana nilikuwa na haraka ya kijinga.

Sikufika nayo mbali ile ndoo. Tulipofika Lugoba kijana mmoja mwenye begi la chuo aliinuka, akasema, "Mama, kaa hapa, mimi nashuka Msata." Msata ikapita, hakushuka. Akashuka Kabuku. Nilipomuuliza kwa nini alinidanganya alicheka tu, akasema angeniambia ukweli nisingekaa.

Kwa mnaokuja kutoka upande wetu: kateni tiketi ya moja kwa moja siku moja kabla, na msikubali ndoo. Safari ndefu haziruhusu abiria asiye na kiti, na mkikutana na wakaguzi anayeshushwa njiani ni wewe, konda anabaki na nauli yako.

Toka Msata hadi daraja jipya la Wami, hadi Mkata, sina la kusimulia, nilisinzia. Baada ya Kabuku ikaja Segera, pale njia inapogawanyika, wa Korogwe na Moshi kushoto, sisi kulia. Muheza wakatupandishia machungwa madirishani, 2,000 kwa mfuko wa kumi na moja, matamu kweli. Kisha mkonge, safu kwa safu hadi macho yachoke. Ni hapo koo lilianza kuniwasha. Jirani yangu wa dirishani alikuwa anakohoa tangu Kabuku, nami niliona vumbi tu.

Stendi ya Kange tuliingia saa kumi na mbili na nusu jioni. Iko nje ya mji, kwa hiyo wekeni akiba ya bajaji; mimi hadi Mikanjuni nililipa 4,000. Dereva aliponisikia lafudhi akaniuliza, "Waja leo?" Nikamjibu naja leo na siondoki leo, akafurahi, akasema basi umeshajua mji wetu.

Jumamosi: mlangoni

Usiku ule sikumwona mtoto. Wote walikuwa wamelala, nami nilioga nikajitupa. Asubuhi niliamka pua inachuruzika.

Anayeongoza nyumba ile kwa sasa ni mama mzaa wifi, Mdigo wa watu, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha nikapiga chafya. Akaniangalia. Akasema taratibu, "Wewe shangazi mtu, chumba kile huingii."

Nilijihisi kama mtoto aliyenyang'anywa ubwabwa. Saa kumi na mbili njiani! Lakini aliniketisha jikoni, akanimiminia chai ya mchaichai, akanieleza walivyofundishwa wodini. Mtoto wa uzito ule mafua yetu haya ya kupenga na kusahau kwake ni jambo jingine: pua yake ni nyembamba, ikiziba hawezi kunyonya na kuhema kwa pamoja, anachoka, anaacha titi, na uzito unaoongezwa kwa gramu unarudi nyuma. Hapo sikuwa na neno.

Kwa hiyo nilimwona mpwa wangu mara ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni, barakoa usoni, mikono nyuma kama mtuhumiwa. Wifi alikuwa ameegemea mito, kifua kimevimba chini ya kanga. Nilitafuta mtoto kitandani, sikumwona. Wifi akacheka, akashusha ukingo wa kanga kidogo, nikaona kofia. Alikuwa pale pale, kifuani, ngozi kwa ngozi, amening'inia kama kinda la popo.

Kisha unyayo mmoja ukatoka pembeni ya kanga. Mwekundu, una mikunjo michache sana, vidole vitano kama punje za mtama. Ukajinyoosha, ukarudi ndani. Nililia barakoa ikalowa.

Huyu mtoto amepewa jina la marehemu mama yetu. Kwa hiyo mimi na baba yake hatumwiti jina, tunamwita mama. Nikiwa pale pale mlangoni nikamwambia, "Shikamoo mama." Bibi yake akamwitikia kwa niaba yake, "Marahaba," na wote tukacheka kwa sauti ya chini.

Jumapili: kofia

Siku ya kazi. Nimegundua kwamba shangazi asiyeruhusiwa kubeba mtoto ana manufaa mengi sana uani.

Kwanza zile kanga zangu mpya. Nilimnunulia wifi doti yenye maneno *Uchungu wa mwana aujuae mzazi*, nikiwa nimeikunja vizuri na kuinyunyizia marashi. Bibi aliinusa mara moja akaitumbukiza kwenye beseni. Kanga mpya ina dondo, ngumu, inakwaruza ngozi laini ile, na haimkumbatii mtoto inapofungwa. Nilizifua mara tatu kwa sabuni ya mche hadi maji yakawa meupe, nikazipiga pasi. Marashi marufuku, na udi ambao kwa desturi ungefukizwa chumba cha mzazi umewekwa kabatini hadi mtoto akue. Mkaja wifi amefungwa, hilo bibi hakuliacha, ila ameulegeza na kuushusha chini ya pale miguu ya mtoto inapofika.

Kofia ndizo zilizoniaibisha. Nilishona kwa kipimo cha mtoto mchanga ninachokijua, mzingo wa sentimita 35. Kichwa cha mama ni 31. Kofia ya kwanza ilimfunika mpaka kidevuni. Kwa mtoto kama huyu kofia si pambo: kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake, joto linapotea hapo, na kofia inayovuka macho ikafika puani ni hatari. Jirani wa nyumba ya pili akaniazima cherehani ya mkono bila hata kuniuliza jina, nikafumua zote tano, nikakata upya kwenye fulana ya pamba ya baba yake, mshono ukatokea nje ili ndani kubaki laini. Nikirudisha cherehani nikapewa na mkate wa kumimina wa moto umefungwa kwenye kitambaa. Tanga bwana.

Ushauri kwa mashangazi wenzangu: kabla ya kushona au kununua nguo za njiti, uliza uzito na mzingo wa kichwa. Nguo za dukani zilizoandikwa "miezi 0 hadi 3" mtoto huyu angeogelea ndani.

Jumatatu: mizani

Siku ya kliniki. Nilisindikiza nikiwa kiti cha mbele cha bajaji, nje, upepo ukipeleka mafua yangu mbali. Mtoto hakubebwa mikononi wala mgongoni, alikwenda vilevile alivyokaa nyumbani, kifuani kwa mama yake, na gauni pana juu.

Foleni ilikuwa ndefu, tumekaa tangu saa mbili hadi saa tano. Ndipo muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alipokuwa na nafasi ya kunieleza, kwa kuwa nilimuuliza kila kitu. Aliniambia jambo hili la kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, wanaloliita kangaruu, lilianzia Bogota, Kolombia, mwaka 1978, hospitali iliyokuwa na njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Daktari Edgar Rey Sanabria akawageuza akina mama kuwa mashine. Jina la kangaruu linatokana na yule mnyama anayebeba mtoto mfukoni. Nikamwambia kumbe sisi tunaweza kuliita kanga tu, akacheka.

Kisha hesabu. Mama alizaliwa na gramu 1,900. Siku ya nne alishuka hadi 1,780, na wifi anasema usiku ule hakulala. Lakini kushuka siku za mwanzo ni kawaida ya watoto wote, wanapoteza maji. Kinachoangaliwa ni kiasi na kama wanarudi. Siku ya kumi na mbili alirudi 1,900. Siku ya kumi na nne, walipotoka wodini, 1,960. Sasa amewekwa kwenye mizani uchi, analalamika kwa sauti ya paka mdogo, na sisi wote watu wazima tumeinamia sindano ile kama tunasubiri matokeo ya mtihani.

2,110.

Gramu 150 kwa siku tano, yaani 30 kwa siku. Muuguzi akatuandikia: baada ya wiki ya kwanza wanategemea mtoto njiti aongeze kama gramu 15 kwa kila kilo yake kwa siku, na yeye yupo palepale. Wifi alifumba macho akapumua. Ananyonya kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku pia. Akichoka kabla hajashiba, maziwa yanakamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe kidogo kinachogusa mdomo wake wa chini, anayalamba mwenyewe. Hamiminiwi, maana yakimiminwa yanaweza kumpalia.

Nikauliza na langu: lini nitambeba? Akasema nisubiri pua ikauke kabisa, kikohozi kiishe, na hata hapo nivae barakoa. Busu za usoni na mikononi hakuna, kwa yeyote, mzima au mgonjwa. Akaongeza na yanayotakiwa kumrudisha mtoto haraka bila kungoja tarehe ya kadi: akikataa kunyonya au akilegea hata kuamshwa kwa shida, akihema mbio au mbavu zikibonyea, akipata homa, miguu ikibaki ya baridi hata akiwa kifuani, au manjano ikifika kwenye viganja na nyayo.

Usiku bada kwa changu wa nazi na mchunga. Uchungu wa mchunga ule unapoukuta utamu wa nazi... niache.

Jumanne

Mvua. Nilikaanga, nilifua, nilikunja nepi. Pua imekauka. Bibi aliniangalia asubuhi, mchana na jioni, hakusema kitu.

Jumatano: siku ya ishirini na moja

Akika. Siku ya saba ilimkuta wodini, ya kumi na nne ndiyo waliyotoka, kwa hiyo wakapanga ya ishirini na moja. Mbuzi mmoja kwa kuwa ni wa kike, 150,000 hadi mlangoni, nikachangia nusu. Kunyoa nywele baba yake ameamua kusubiri apate uzito, kichwa kisipigwe baridi. Wageni walikula uani; kwa mtoto hakuingia mtu, na hakuna aliyenuna, maana bibi alikuwa amewapitia majirani wote tangu jana yake kuwaeleza.

Saa tisa, watu wametawanyika, wifi akataka kuoga. Wiki tatu usiku na mchana amembeba, mgongo unamuuma, anakoga kama mwizi. Bibi alikuwa na masufuria. Baba mtu amekwenda kurudisha viti. Bibi akaniita kutoka jikoni, "Shangazi mtu, umenawa?"

Nilinawa hadi viwiko, sabuni mara mbili. Nikavua pete, saa na mkufu. Nikavaa barakoa mpya na gauni la kufungua mbele, bila kitu ndani. Nikaketi kwenye kiti cha kuegemea, nusu nimelala. Wifi akamtoa kwake, yuko na nepi, soksi na kofia yangu ya sentimita 31, akamweka wima katikati ya matiti yangu. Akamgeuzia kichwa upande mmoja, kidevu kisizame kifuani, ili njia ya hewa ibaki wazi. Akamkunja miguu kama ya chura. Kisha bibi akapitisha ile kanga ya *Uchungu wa mwana*, sasa laini kama ya miaka kumi, ukingo wa juu chini kidogo ya sikio lake, akaikaza mgongoni kwangu: imshike asiteleze nikisimama, lakini tumbo lake lipate nafasi ya kupanda na kushuka.

Wote wakaondoka.

Sijui niwaelezeje. Alikuwa mwepesi kuliko mkate. Mwanzo alihangaika, akakwaruza kwa kucha ambazo bado ni kama karatasi, akanusa, akatambua kwamba mimi si mama yake na sina maziwa. Nikaogopa atalia. Nikaanza kumsomea taratibu majina ya watu wake, nilianza na bibi yangu, nikashuka. Nilipofika kwa mama yetu, jina lake mwenyewe, alishusha pumzi ndefu akatulia. Najua ni joto tu. Niacheni.

Niligusa nyayo zake, ndivyo nilivyofundishwa kumpima: za moto, sawa na kifua changu. Pumzi yake haiendi sawasawa, anahema haraka mara tano sita, anatua kidogo, anaanza tena. Kila anapotua nami nilitua. Wifi alioga dakika arobaini. Alipotoka nywele zimesukwa mabutu, amenukia sabuni, akatuona, akarudi akalala kwenye mkeka pembeni yetu. Alilala saa moja na nusu. Bibi alifungua mlango, akatazama, akaufunga.

Picha alipiga baba mtu aliporudi. Tulikubaliana uso hautoki hadi arobaini, ni heshima ya nyumba ile na mimi nimeiridhia. Mnaotaka kumwona msubiri. Unyayo ulitoka wenyewe, pale pale ulipotokea Jumamosi. Nilichoandika chini yake nilikiandika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mgongoni mwake:

*Shikamoo mama. Mimi ni shangazi yako, dada wa baba. Nimekuja kutoka Morogoro na mafua, nikakungoja mlangoni siku nne, na kofia nikakosea. Unyayo wako wote ni mrefu kama kidole changu cha shahada. Nilikuja kukubeba, lakini tangu saa tisa sijui nani kambeba mwenzake. Lala. Mama yako amelala. Mimi nipo macho.*

Alhamisi: kurudi

Safari hii tiketi ya moja kwa moja, niliikata Jumanne kwenye mvua, 22,000. Kuondoka Kange saa kumi na mbili asubuhi, na siti ya dirishani. Bibi alinifungia mihogo na kipande cha nyama ya akika kwenye jani la mgomba. Zile doti mbili nilizichukulia kuwa nimeziacha zote, lakini nilipofungua begi nyumbani nikaikuta moja, haijafuliwa tangu Jumatano, imekunjwa vizuri. Wifi ndiye aliyeiweka. Inanuka maziwa.

Jana amenipigia. Mizani imesoma 2,520, na mama hataki tena kufungwa. Kila akiwekwa kifuani anajinyonganyonga, anachomoa mikono, anachomoa na miguu. Muuguzi kasema hiyo ndiyo dalili kwamba amekomaa, kangaruu basi, avishwe nguo kama wenzake. Kofia za 31 zimeanza kumbana. Leo nakata za 34.